Bakodi au RFID kwa paleti zinazorudi: gharama, usahihi na kazi ya kufunga

Kabla ya kuomba bei ya kifaa chochote, jibu swali moja: paleti ikishatoka mlangoni kwako, inarudi?

Kama hairudi, tosheka na bakodi. Paleti ya mbao inayokwenda na mzigo moja kwa moja inahitaji lebo ya karatasi yenye namba ya SSCC, ile ya tarakimu 18 inayoutambulisha mzigo, ambayo kuichapa hugharimu senti chache za dola. Bandika lebo mbili kwenye pande mbili zinazopakana, michirizi ikiwa kati ya sentimita 40 na 80 kutoka sakafuni, na isikaribie ukingo kwa chini ya sentimita 5. Atakayepokea mzigo ataisoma kwa skana ya kawaida. Ukimwekea tagi ya RFID, ile inayosomwa kwa mawimbi ya redio, na yeye hana kisomaji, umelipia kitu kinachokufa siku ya kwanza.

Mambo hubadilika pale paleti zinapokuwa mali yako, zikitoka na kurudi mwaka hadi mwaka. Hapo tagi moja inasomwa mara mamia, na gharama yake inagawanyika kwa safari zote hizo. Makala hii inahusu hali hiyo.

Ghala la mfano

Chukua kiwanda cha maji ya chupa kinachopeleka mzigo kwenye depo zake kwa paleti za plastiki. Kina paleti 3,000, kila moja dola 50. Kila siku ya kazi zinatoka paleti 240 zenye mzigo kupitia milango mitatu, na zinarudi 240 tupu kupitia mlango wa nne. Zile tupu zinarudi zimebebana, minara 16 ya paleti 15 kila mmoja. Siku za kazi ni 300 kwa mwaka. Bei tutakazotumia ni za kukadiria, na kodi na usafiri vitaongeza juu yake, lakini uwiano kati ya pande mbili haubadiliki sana.

Kwa bakodi, kila paleti inapata lebo mbili za kudumu za poliesta, zilizochapwa kwa riboni ya rezini. Lebo 6,000 kwa senti 40 ni dola 2,400. Skana sita imara zenye skrini, kwa dola 700, ni 4,200. Waifai ya kufika milangoni weka 800, na kazi ya programu 3,000. Jumla dola 10,400.

Kwa RFID milango yote minne, tagi ngumu za plastiki zinazostahimili kuoshwa na kugongwa ni kama dola 1 kila moja, mbili kwa paleti: 6,000. Mlango mmoja unataka kisomaji cha antena nne kwa dola 1,500, antena nne kwa 600, nguzo, vizuizi na nyaya 500, kihisi cha mwanga na taa ya ishara 200. Hiyo ni 2,800 kwa mlango, 11,200 kwa minne. Visomaji viwili vya mkononi kwa ajili ya kutafuta na kuhesabu ni 4,000. Programu na ufungaji, 8,000. Jumla dola 29,200.

Utaambiwa kuna tagi za senti 10. Zipo, ni za stika, na kwa katoni zinafaa kabisa. Kwenye paleti ya plastiki inayooshwa kwa maji ya presha na kusukumwa sakafuni zinabanduka. Ukizitumia, tenga fedha za kubandika upya.

Muda unaookolewa hauilipi RFID hapa kwetu

Hesabu nyingi zinazoonyesha RFID ikijilipa zimefanywa mahali ambapo saa moja ya mfanyakazi ni ghali. Zifanye upya kwa mishahara yako.

Kusoma paleti moja inayotoka, dereva akisimama na karani akielekeza skana, ni kama sekunde 12. Paleti 240 ni dakika 48. Mnara wa paleti 15 unasomwa kwa dakika moja hivi ikiwa lebo zimeelekea upande mmoja, kwa hiyo minara 16 ni dakika 16. Jumla ni saa moja na dakika chache kwa siku. Mfanyakazi anayemgharimu mwajiri dola 25 kwa saa, kiwango cha kawaida katika maghala ya Ulaya, anakula hapo zaidi ya dola 7,500 kwa mwaka. Karani anayelipwa dola 10 kwa siku ya saa nane anakula kama dola 400. Kwa dola 400 kwa mwaka, tofauti ya dola 18,800 hailipiki katika maisha ya vifaa hivyo.

Kwa hiyo acha hoja ya muda. Faida ya kweli iko kwenye paleti zenyewe, kwa sababu zinapotea. Depo inazigeuza sakafu ya stoo, jirani anaazima, nyingine zinauzwa kama chakavu. Ukipoteza 300 kwa mwaka, ni dola 15,000. Ukijua kila depo inashikilia paleti ngapi na tangu lini, na ukaidai, kuokoa nusu yake si jambo gumu: dola 7,500.

Lakini kujua huko kunategemea usahihi wa kusoma, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Paleti 300 kwa siku 300 ni paleti moja inayopotea kwa siku. Karani wa mlango wa marejesho akiruka paleti 5 katika kila 100, ni paleti 12 kwa siku ambazo mfumo unadhani bado ziko depo ilhali zimelala uani kwako. Rekodi ya kila moja itajirekebisha siku itakapotoka tena, ila mpaka hapo unamdai meneja wa depo paleti 13 wakati aliyoishika kweli ni moja. Baada ya wiki mbili za ubishi hakuna atakayeiamini ripoti yako.

Bakodi inakosea wapi

Michirizi yenyewe haikosei. Namba ina tarakimu ya ukaguzi mwishoni, na skana ikisoma vibaya inakataa. Makosa yote yanayoumiza ni ya paleti isiyosomwa kabisa, au iliyosomwa jirani yake.

Sababu ya kwanza ni lebo. Lebo ya karatasi ya joto hufifia kwa jua na joto, kama risiti ya EFD inavyofutika ndani ya pochi, ndiyo maana tunasisitiza poliesta na riboni ya rezini. Angalia pia mwelekeo wa kuchapa. Nukta moja ya kichwa cha printa ikifa, inaacha mstari mweupe unaofuata njia ya karatasi. Ukiwa umechapa michirizi sambamba na njia hiyo, kama fito za uzio, mstari mweupe unaweza kula mchirizi mzima na lebo haisomeki tena. Ukichapa imelala kama vipandio vya ngazi, mstari mweupe unakata michirizi yote mahali pamoja tu, na skana inasoma pembeni yake. Ni mpangilio mmoja kwenye programu ya lebo, na hauna gharama.

Sababu ya pili ni watu, na ni kubwa zaidi. Paleti tupu zikirudi zimebebana, lebo mbili hazitoshi kwa sababu baadhi zitageukia ndani. Karani anasoma kumi na moja anazoziona, nyingine anazikisia, au anaziacha. Mahali palipo na shinikizo la kumaliza lori haraka, huzuka karatasi yenye bakodi zilizonakiliwa, inayosomwa mezani. Utaitambua kwenye rekodi: namba 15 ndani ya sekunde 9, mara nyingi zilezile na kwa mfuatano uleule wa jana.

Kwa upande wa kutoka, dawa ni rahisi: mfumo usichape hati ya kutolea mzigo mpaka idadi ya paleti zilizosomwa ilingane na oda. Dereva wa lori hawezi kuondoka bila hati, kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye atakayehimiza zisomwe. Upande wa kurudi hauna kizuizi kama hicho, kwa sababu lori tupu linataka kushusha na kuondoka, na hakuna anayengoja karatasi.

RFID inakosea wapi

RFID ina makosa ya aina mbili: tagi ipo isisomwe, na tagi isiyohusika isomwe. Wauzaji huzungumzia la kwanza. La pili ndilo litakalokuchosha.

Tagi isiyosomwa mara nyingi ni suala la mahali ilipobandikwa. Chuma huakisi mawimbi na maji huyameza. Mafuta ya kula kwenye madumu ya plastiki hayasumbui sana, ila maji ya chupa ni ukuta. Kwa hiyo tagi isikae juu ya paleti chini ya mzigo. Iweke kwenye uso wa nje wa mguu wa kona, ndani ya kishimo ili isikwaruzwe. Epuka mguu wa katikati, kwa sababu uma za foklifti hupita pembeni yake, zinaigonga na kuifunika. Weka tagi mbili kwenye kona zinazotazamana kwa mshazari, ili upande mmoja ukizibwa na mwili wa foklifti, mwingine uwe wazi. Kama paleti zako ni zile zinazoingiana zikiwa tupu, pima umbali kati ya tagi kwenye mnara. Zikibaki sentimita chache tu zinaharibiana, na itabidi utawanye nafasi za tagi ili mbili zinazofuatana zisikae juu kwa juu.

Tagi isiyohusika ni hadithi nyingine. Tagi hizi husomeka hata mita 8 mahali pa wazi, na paleti zinazosubiri zamu zimepangwa mita 3 kutoka mlangoni. Kisomaji hakijui ipi inapita na ipi imesimama. Tazama kipande hiki cha rekodi ya mlango mmoja, antena 1 ikiwa upande wa ndani na 2 upande wa nje, epc ikiwa namba ya tagi na rssi nguvu ya mawimbi yake:

```
10:42:07 ant=1 epc=...0457 rssi=-68
10:42:07 ant=1 epc=...1130 rssi=-67
10:42:08 ant=1 epc=...0457 rssi=-54
10:42:09 ant=2 epc=...0457 rssi=-52
10:42:10 ant=2 epc=...0457 rssi=-66
10:42:10 ant=1 epc=...1130 rssi=-67
```

Namba inayoishia 0457 ilipanda kutoka -68 hadi -52, ikahama kutoka antena 1 kwenda 2, ikashuka. Hiyo imetoka. Namba 1130 imekaa palepale -67, antena ileile, na ukirudi nyuma kwenye rekodi utaikuta hivyo kwa nusu saa. Hiyo imesimama. Programu isiyotofautisha mambo haya mawili itakuandikia paleti 241 zilizotoka, na moja kati yake bado iko ghalani.

Tiba inakwenda kwa hatua. Kwanza punguza nguvu: mafundi wengi huacha kisomaji kwenye 30 dBm, kiwango cha juu cha visomaji vingi, wakidhani zaidi ni bora. Ukishusha dB 6, umbali wa kusoma unakaribia nusu. Shusha mpaka tagi zilizosimama zinyamaze huku zinazopita bado zikisomwa mara kadhaa. Pili, kihisi cha mwanga kiwashe usomaji foklifti inapokatiza tu, si saa zote. Tatu, kati ya milango inayopakana weka wavu wa chuma. Wimbi la masafa haya lina urefu wa sentimita 35 hivi, kwa hiyo wavu wa matundu ya sentimita 1 au 2 unalizuia vya kutosha. Mwisho kabisa ndipo uandike kanuni za kuchuja kwenye programu. Anayeanza na programu anaficha tatizo ambalo litarudi siku paleti zitakapopangwa mahali tofauti.

Kuna kosa jingine baya zaidi kwa sababu halipigi kelele. Uma wa foklifti ukikata waya wa antena, au umeme ukikatika na kisomaji kisiwake, paleti zinaendelea kupita na hakuna anayejua. Skana ya mkononi ina betri yake na mlio wake, na karani ataona imekufa. Kwa RFID bandika tagi moja ya kudumu kwenye nguzo ya mlango, mahali ambapo kila antena inaiona, na kisomaji kiisome kila dakika hata wakati hakuna foklifti. Isiposikika kwa dakika 10, mfumo utume ujumbe kwa msimamizi. Gharama ni tagi moja na mistari michache ya programu.

Masafa: hapa usinunue kwa bei tu

Visomaji vya bei nafuu mtandaoni vingi vimewekwa kwa masafa ya Marekani, 902 hadi 928 MHz. Kwetu, simu za GSM 900 hupeleka mawimbi kutoka simu kwenda mnara kwenye 890 hadi 915 MHz, kwa hiyo kisomaji hicho kinaingilia mtandao wa simu. Nunua cha ukanda wa Ulaya, 865 hadi 868 MHz, na kabla ya kulipa hakikisha modeli ina idhini ya TCRA kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Omba namba ya cheti, usikubali neno la muuzaji. Tagi zenyewe nyingi hufanya kazi kote kati ya 860 na 960, ila zilizotengenezwa kwa Marekani pekee hudhoofika kwenye masafa yetu. Angalia karatasi ya vipimo vyake.

Kazi ya kufunga

Bakodi inachukua wiki moja hadi mbili. Kazi kubwa ni kuosha na kukausha paleti 3,000 ili lebo zishike, na kubandika. RFID, ukihesabu mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, hutakosea sana. Kusimamisha nguzo za mlango ni kazi ya siku moja. Zinazobaki ni siku za kupima na kurekebisha, na kila mlango una tabia yake kwa sababu kila mlango una vyuma vyake.

Jaribio la kukubali kazi liandikwe kwenye mkataba. Paleti 20 zenye namba zinazojulikana, zenye mzigo halisi wa maji, zikipita mara 10 kila moja kwa mwendo wa kawaida wa foklifti, huku paleti nyingine zimepangwa pale zinapopangwa siku zote. Hesabu zilizokosekana na zilizozidi, kila upande peke yake. Ujue pia mpaka wa jaribio hilo: mipito 200 bila kosa hata moja inathibitisha tu kwamba kosa haliko juu ya asilimia 1.5 hivi. Fundi akikuahidi asilimia 99.9, atahitaji mipito 3,000 bila kosa kuithibitisha. Lipa sehemu ya mwisho ya fedha baada ya wiki mbili za kazi halisi, siyo baada ya jaribio la asubuhi moja.

Tunavyoshauri kwa ghala hili

Tagi iliyo kwenye plastiki inaitambulisha paleti, haijui imebeba nini. Wakati wa kutoka, lazima mtu aunganishe paleti namba 0457 na mzigo namba fulani. Anasimama, anasoma lebo ya mzigo, anasoma lebo ya paleti. Kwa kuwa mtu huyo yupo na amesimama tayari, na hati inamlazimisha kukamilisha, bakodi inatosha kwenye milango mitatu ya kutokea. Wakati wa kurudi hakuna mzigo wa kuunganisha, hakuna hati ya kumshurutisha mtu, na paleti ziko kumi na tano kwa mnara, nyuso zimegeukia kila upande. Huko ndiko RFID inakostahili fedha yake: mlango mmoja tu.

Nunua tagi ngumu zilizochapwa bakodi ya namba ileile juu yake, ili kitu kimoja kisomwe kwa njia zote mbili. Hesabu inakuwa tagi 6,000, skana 4,200, waifai 800, mlango mmoja wa RFID 2,800, na programu 6,000 kwa kuwa sasa ina pande mbili. Jumla dola 19,800. Ukiokoa dola 7,500 kwa mwaka, inajilipa kwa miaka miwili na miezi minane. RFID milango yote ingekuchukua karibu miaka minne kwa faida ileile. Bakodi peke yake ingeonekana kujilipa kwa mwaka mmoja na miezi mitano, lakini hapo umedhani marejesho yatasomwa kikamilifu.

Dhana hiyo unaweza kuipima kabla ya kutumia hata dola moja kwenye RFID. Chagua paleti 150 zikiwa depo, ziandike namba kubwa kwa rangi pande zote nne, ubandike na lebo za bakodi. Kwa wiki tatu, msimamizi mmoja asimame kwenye lango la nje akiandika kwenye daftari kila namba ya rangi inayoingia, na makarani wa mlango wa marejesho waendelee kusoma kwa skana kama kawaida bila kujua kuna daftari. Kisha linganisha. Zilizorukwa zikiwa chini ya 1 katika 100, baki na bakodi. Zikiwa 3 au zaidi, agiza mlango mmoja.